Sataranji: Kabla ya kusogeza kete, uliza mpinzani anataka nini

Wanaojifunza mchezo wa sataranji aghalabu hushindwa mapema, na si kwa sababu mpinzani ana maarifa ya ajabu. Hushindwa kwa kuachia malkia, ngome au farasi akaliwa bure, au kwa kumwacha mfalme akanaswa ilhali tishio lilikuwa wazi ubaoni. Mtazamaji aliyesimama kando huliona tishio hilo mara moja. Mchezaji halioni kwa kuwa mwamba ngoma ngozi huvutia kwake: macho yake yamo katika mpango wake mwenyewe, naye huichukulia zamu ya mpinzani kama muda wa kusubiri tu.

Dawa ya kosa hili ni swali moja ambalo mchezaji hujiuliza kila mara mpinzani anapomaliza kusogeza kete: je, hatua hiyo inatishia nini? Swali lenyewe ni jepesi. Kazi ngumu ni kuliuliza katika kila zamu, kulijibu kwa ukamilifu, na kulijibu kabla ya kuanza kufikiria hatua ya kujibu.

Ili kuonyesha jinsi swali hili linavyofanya kazi, yafaa kufuata mchezo mmoja mfupi ambao karibu kila mwanagenzi hukutana nao. Msomaji mwenye ubao anaweza kuzipanga kete na kufuatilia. Nguzo za ubao huitwa kwa herufi, kuanzia a upande wa kushoto wa mwenye kete nyeupe hadi h upande wake wa kulia. Safu za kukata huhesabiwa 1 hadi 8 kuanzia kwake kwenda kwa mwenye kete nyeusi. Hivyo basi mfalme mweupe huanza mchezo akiwa e1, naye mfalme mweusi e8.

Upande mweupe unaanza kwa kumsogeza askari kutoka e2 hadi e4, nao upande mweusi unajibu kwa kumtoa askari wake e7 hadi e5. Upande mweupe unamtoa askofu kutoka f1 hadi c4. Upande mweusi unamtoa farasi kutoka b8 hadi c6, ambako anamlinda askari wa e5. Kufikia hapo hakuna aliyekosea. Katika hatua ya tatu, upande mweupe unamrusha malkia kutoka d1 hadi h5, ukingoni mwa ubao.

Mwanagenzi mwenye kete nyeusi humwona malkia huyo akiwa amejitokeza peke yake na mara moja hupata wazo. Akimtoa farasi wa pili kutoka g8 hadi f6, farasi huyo atakuwa anamshambulia malkia. Ni hatua inayopendeza, kwa kuwa inaingiza kete mpya mchezoni na kumlazimu mpinzani amwondoe malkia wake. Mwanagenzi anaisogeza kete kwa furaha.

Malkia mweupe haondoki kwenda nyuma. Anashuka kimshazari kutoka h5 kupitia g6 hadi f7, anamla askari aliyekuwa hapo, na mchezo umekwisha. Mfalme mweusi hawezi kumla malkia kwa kuwa askofu wa c4 anailinda f7. Hawezi kukimbilia e7 kwa sababu malkia anaufikia mraba huo, na miraba mingine inayomzunguka imejaa kete zake mwenyewe. Hiyo ndiyo chekimeti, yaani mfalme ametishwa na hana njia ya kuokoka. Mchezo umedumu hatua nne pekee.

Kosa halikutokana na ukosefu wa ujuzi. Mchezaji huyo alijua jinsi malkia anavyotembea na alimwona askofu. Alichokosa ni mpangilio wa fikira. Alianza na swali, "Nifanye nini?" badala ya kuanza na, "Malkia huyu amekuja h5 kufanya nini?"

Njia ya kulijibu swali hilo la pili ni kujifanya kwamba zamu imerudi tena kwa mpinzani. Mchezaji anajiuliza: kama ningekaa bila kusogeza chochote, naye akaruhusiwa kucheza mara mbili mfululizo, angefanya nini cha kuniumiza? Majibu hutafutwa kwa utaratibu usiobadilika. Kwanza huangaliwa cheki, yaani kila hatua ambayo ingemtishia mfalme moja kwa moja. Pili huangaliwa kila kete ambayo mpinzani angeweza kuila. Tatu huangaliwa hatua ambazo zingeshambulia kete mbili kwa pamoja, au zingeshambulia kete yenye thamani kubwa. Cheki hutangulia kwa sababu humlazimisha mtu kujibu, na kosa linalomhusu mfalme halina marekebisho.

Malkia wa h5 akikaguliwa kwa utaratibu huo, majibu hupatikana upesi. Anaweza kumla askari wa h7, lakini ngome ya h8 itamla. Anaweza kumla askari wa e5, lakini farasi wa c6 atamla. Anaweza kumla askari wa f7, na hapo anayeulinda mraba huo ni mfalme peke yake, ilhali wanaoushambulia ni wawili, malkia na askofu. Hesabu ya wawili dhidi ya mmoja ndiyo inayofichua tishio. Hatua yoyote ya upande mweusi isiyoshughulikia f7 ni ya kupoteza, hata iwe ya kupendeza vipi.

Mara tishio likijulikana, jibu hutafutwa katika njia chache: kumla anayetishia, kuiondoa kete inayotishiwa, kuongeza mlinzi, au kuziba njia. Hapa upande mweusi unaweza kuongeza mlinzi kwa kumsogeza malkia wake e7, au unaweza kuziba njia kwa kumtoa askari wa g7 hadi g6. Askari huyo wa g6 anakata mstari kati ya h5 na f7, na papo hapo anamshambulia malkia, ambaye sasa hana budi kuondoka.

Malkia mweupe anarudi f3. Hapa ndipo wengi walionusurika mara ya kwanza hunaswa mara ya pili. Hatua hiyo huonekana kama kukimbia, na mtu anayemwona mpinzani akirudi nyuma huamini kwamba hatari imepita. Swali likiulizwa upya, jibu lake ni lile lile. Kutoka f3 malkia anaitazama nguzo yote ya f, ambayo haina kete yoyote kati yake na f7, naye askofu bado yuko c4. Tishio ni kumla askari wa f7 na kumaliza mchezo.

Safari hii jibu zuri ni kumtoa farasi kutoka g8 hadi f6. Farasi anasimama katikati ya malkia na f7, nguzo inazibwa, na kete mpya imeingia mchezoni. Hii ni hatua ile ile iliyouangamiza upande mweusi zamu moja tu iliyopita. Wakati ule malkia alikuwa h5, na farasi wa f6 hakuziba chochote. Sasa malkia yuko f3, na farasi yuyo huyo ndiye ngao. Kilichobadilika ni mahali anapotishia mpinzani.

Ndiyo maana kukariri hatua hakumfai mwanagenzi. Hata jibu la kumtoa askari hadi g6 si la kutumiwa ovyo. Tuseme malkia mweupe angekwenda h5 mapema, katika hatua ya pili, kabla farasi mweusi hajafika c6. Askari wa e5 angekuwa hana mlinzi. Upande mweusi ukijibu kwa g6, malkia angemla askari wa e5 na kumpa mfalme cheki. Wakati uo huo angeitazama ngome ya h8 kimshazari, kupitia mraba wa g7 ulioachwa wazi. Mfalme angeokolewa na ngome ingeliwa. Katika hali hiyo tishio la kwanza lilikuwa e5, si f7, na jibu la haki lingekuwa kumlinda askari huyo kwa farasi wa c6.

Mchezo wetu haujaisha. Baada ya farasi kuziba njia f6, upande mweupe unamtoa askari kutoka g2 hadi g4. Mwanagenzi hutazama na kuona zawadi, kwa kuwa askari huyo anaweza kuliwa na farasi wa f6. Malkia wa f3 anaweza kumla farasi baadaye, lakini hilo halihitaji hata kufikiriwa, maana farasi akiondoka tu f6, nguzo inafunguka, malkia anamla askari wa f7 na mfalme mweusi amenaswa. Kile kilichoonekana kuwa zawadi kilikuwa chambo.

Aliyeuliza swali angegundua mengi zaidi. Askari wa g4 hali chochote kwa sasa, wala hatoi cheki. Lakini akiruhusiwa kucheza tena atasonga hadi g5 na kumshambulia farasi wa f6. Farasi akiondoka, f7 inaachwa wazi, na akibaki ataliwa. Hili ni tishio la hatua mbili, nalo halionekani kwa kukagua cheki na ulaji peke yake. Linaonekana pale mchezaji anapoendelea hadi sehemu ya tatu ya ukaguzi na kujiuliza ni kete yake ipi inayoweza kushambuliwa, na kete hiyo ina kazi gani. Farasi wa f6 alikuwa na kazi ya kuziba njia, na kete yenye kazi ya namna hiyo haiko huru kwenda itakako.

Jibu lenye nguvu ni kumrusha farasi mwingine kutoka c6 hadi d4. Anamshambulia malkia wa f3, na pia anamtazama askari wa c2, ambapo angeweza kumpa mfalme cheki na kuishambulia ngome ya a1 kwa pamoja. Upande mweupe hauna nafasi ya kusonga g5, kwa kuwa farasi wa d4 atamla malkia kwa cheki. Malkia analazimika kuondoka, na tishio lote limevunjika. Hapa upande mweusi haukujilinda kwa kurudi nyuma. Ulijibu tishio kwa tishio kubwa zaidi, jambo ambalo lisingewezekana bila kwanza kujua mpinzani alikuwa anakusudia nini na angehitaji zamu ngapi.

Ukaguzi wa hatua ya mpinzani hauishii kwenye kete iliyosogezwa. Kete inapotoka mahali huacha nafasi nyuma yake, na nafasi hiyo inaweza kumfungulia njia askofu, ngome au malkia aliyekuwa amezibwa. Kwa hiyo yafaa kutazama mambo mawili: kete hiyo sasa inafikia miraba ipi ambayo haikuifikia awali, na ni mstari upi umefunguka pale ilipotoka. Wanagenzi wengi hutazama la kwanza na kusahau la pili, wakashangaa kuona ngome ikiliwa na askofu ambaye hakusogea hata kidogo.

Kosa hili halijawaacha mabingwa. Mwaka wa 1956 mjini Amsterdam, katika mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia, Tigran Petrosian wa Muungano wa Sovieti alikuwa akicheza kwa kete nyeupe dhidi ya David Bronstein. Petrosian alikuwa na nafasi nzuri mno, na Bronstein, aliyebanwa pande zote, alikuwa akimsogeza farasi wake huku na huko kwa kukosa la kufanya. Kisha farasi huyo akatua f5, akimshambulia malkia wa Petrosian aliyekuwa d6. Petrosian aliendelea na mpango wake kwa kumpeleka farasi g5. Bronstein alimla malkia, na Petrosian akakubali kushindwa. Huyu ndiye Petrosian aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1963, na aliyesifika kwa tahadhari na ulinzi. Funzo lake ni kwamba hatua kadhaa zisizo na madhara humzoesha mtu kutouliza, na hatari huja katika ile inayofuata.

Mfano wa pili ni wa tarehe 27 Novemba, 2006, mjini Bonn, Ujerumani. Vladimir Kramnik wa Urusi, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, alikuwa akicheza kwa kete nyeusi dhidi ya programu ya kompyuta iitwayo Deep Fritz. Katika hatua ya 34, farasi mweupe alitoka e6 na kuila ngome ya Kramnik iliyokuwa f8. Mfalme wa Kramnik alikuwa h8, naye malkia mweupe alikuwa e4, akiutazama mraba mtupu wa h7 kimshazari. Kramnik alifikiri, kisha akamsogeza malkia wake hadi e3, akitaka malkia wabadilishane. Malkia mweupe alikwenda h7, na ikawa chekimeti kwa hatua moja.

Farasi huyo alikuwa amefanya kazi mbili kwa hatua moja. Kuila ngome kulionekana na kila mtu. Kazi ya pili ni kwamba akiwa e6 hakuulinda mraba wa h7, lakini akiwa f8 aliulinda, hivyo malkia akitua hapo mfalme hangeweza kumla. Kumsogeza mfalme g8 kungeliondoa tishio hilo, na mchezo ungeelekea sare. Mpinzani anapokula kete, akili ya anayeliwa hukimbilia hasara na jinsi ya kulipiza, na kumbe ulaji wenyewe umeiweka kete ya mpinzani mahali papya penye tishio papya. Kwa sababu hiyo, baada ya kila ulaji swali huulizwa mara mbili: amekula nini, na alipotua anatishia nini?

Hata hivyo, kuna mipaka ya kuzingatia. Mpaka wa kwanza ni kwamba si kila tishio linastahili kujibiwa. Askofu akiitazama kete iliyolindwa na askari, kuila kungemgharimu askofu mzima, kwa hiyo hilo ni tishio la jina tu. Mchezaji anayekimbia kila anapotazamwa huishia kuzirudisha kete zake zote nyuma bila kupigwa hata mara moja. Kipimo ni kuicheza hatua ya mpinzani kichwani hadi mwisho, kuhesabu washambulizi na walinzi wa mraba husika, na kuona nani atabaki na hasara. Ikiwa hasara ni ya mpinzani, mchezaji aendelee na shughuli zake.

Mpaka wa pili ni kwamba swali hili hulinda dhidi ya hatua iliyokwisha chezwa, si dhidi ya ile ambayo mchezaji mwenyewe yuko karibu kuicheza. Mpinzani anaweza kuwa hatishii kitu chochote, na mchezaji akajitia mtegoni kwa kuiondoa kete iliyokuwa ikilinda nyingine. Basi baada ya kuchagua jibu, kabla ya kuligusa, ukaguzi ule ule hurudiwa kwa ufupi: nikicheza hivi, mpinzani ana cheki ipi, na anaweza kula nini? Farasi aliyekuwa amla askari wa g4 katika mchezo wetu angeokolewa na ukaguzi huu wa pili.

Neno "kabla ya kuligusa" lina uzito wake katika mashindano. Kwa kanuni za FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji, mchezaji akigusa kete yake kwa makusudi analazimika kuisogeza, maadamu ina hatua halali. Zamani baadhi ya walimu wa Urusi waliwafunza wanafunzi kuiandika hatua kwenye karatasi kwanza, waitazame tena kwa macho mapya, ndipo waicheze. Kanuni za sasa haziruhusu kuandika hatua kabla ya kuicheza, kwa hiyo ukaguzi hauna budi kufanywa kimyakimya kichwani. Walimu wengi huwaagiza wanagenzi wakalie mikono yao, agizo ambalo si la mzaha, kwa kuwa huupa ubongo nafasi ya kumaliza kabla mkono haujaanza.

Mpaka wa tatu ni muda. Katika mchezo wa dakika tano kwa kila mchezaji, ukaguzi kamili katika kila zamu hauwezekani, na mwanagenzi anayecheza michezo ya haraka pekee huzoea kutouliza. Ni heri kuijenga tabia hii katika michezo ya polepole, ya dakika 30 au zaidi kwa kila upande, hadi macho yaanze kuzitafuta cheki na ulaji bila kuamrishwa.

Dalili ya kwamba tabia imekita haipatikani kwa kuhesabu ushindi, maana mtu anaweza kushinda kwa makosa ya mwenzake. Hupatikana katika kumbukumbu za michezo. Mchezaji huchukua karatasi za michezo yake iliyopita na kutia alama kila mahali alipopoteza kete bure au mfalme aliponaswa. Kisha hurudi nyuma hatua moja na kutazama mpinzani alikuwa amecheza nini. Ikiwa hatua hiyo ndiyo iliyoleta tishio, kosa ni la kutouliza swali la kwanza. Ikiwa tishio halikuwapo hadi mchezaji mwenyewe aliposogeza kete, kosa ni la kutorudia ukaguzi. Ikiwa aliliona tishio lakini akalijibu vibaya, tatizo ni la kuhesabu, nalo hutibiwa kwa mazoezi mengine. Alama hizo zikiwekwa katika mafungu matatu, mchezaji atajua ni wapi hasa pa kutia bidii katika mchezo wake ujao.